Namkabidhi mteja wa miaka 6 kwa mwenzangu: nimwambie nini, nisimwambie nini?

Gati_Namba_Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar, tunatoa mizigo ya watu bandarini. Nimehamishiwa tawi la Tunduma kuanzia mwezi ujao na nimepewa wiki 3 kukabidhi akaunti za wateja wangu. Wengi hawana shida, wanataka mzigo utoke tu, aliyeutoa hawana habari naye. Mmoja ndiye ananinyima usingizi.

Ni muuza vigae wa Kariakoo, nimemshika miaka 6. Kwa mwezi anashusha kontena 4 mpaka 6 za futi 20. Ni mzee wa makamo ya baba yangu, duka ni la familia, na amezoea kunipigia mimi, si ofisi. Anayenipokea ni binti aliyetoka idara yetu ya nyaraka. Yuko makini sana na karatasi, ila hajawahi kukaa na mteja uso kwa uso.

Bosi kaniambia, "Andika ukurasa mmoja, mtambulishe kwa imeili, umemaliza." Nimeandika, zimefika kurasa 11. Nimeanza na mzigo wa kwanza kabisa tuliomtolea, nikaenda mwaka kwa mwaka. Jana nimejaribu kuzisoma mwenyewe nikasinzia ukurasa wa nne.

Maswali yangu ni mawili. Historia ya mteja unaifupisha vipi bila kuacha kitu kitakachomuumbua mwenzako? Na kumtambulisha, imeili inatosha au niende naye?

Nawasilisha.

Fundi_Simu_Mtaa_wa_Pili

Mkuu, kabla hujamkabidhi akaunti badilisha kwanza nywila, halafu hakikisha namba ya simu ya kurejeshea si yako. Mimi niliuza ukurasa wa biashara, mnunuzi akanisumbua mwezi mzima kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa unakuja kwangu.

Gati_Namba_Sita

Hahaha, fundi, akaunti ninayosema ina kanzu na duka Kariakoo. Haina nywila. Ila la namba ya simu umegusa kidonda bila kujua, nitalirudia.

Jirani_wa_Kilindini

Salamu kutoka Mombasa, ndugu yangu. Mimi kazi ni hiyo hiyo, bandari tu ndiyo tofauti. Ushauri wangu ni mfupi: hizo kurasa 11 zichome. Mpe huyo binti namba za simu, bei mliyokubaliana na orodha ya mizigo iliyoko njiani. Historia mwachie aijenge mwenyewe. Nilipokabidhiwa mteja wangu mkubwa, aliyetangulia alinijaza maneno, oh huyu mkali, oh huyu halipi. Nikaenda nimekunja uso. Kumbe mkali alikuwa yeye aliyetangulia. Ilinichukua miezi kuzoeana na yule mteja, na hata leo hajasahau jinsi nilivyomsalimia siku ya kwanza.

Dogo_wa_Ilala

Naunga mkono. Kila mtu na nyota yake.

Bi_Mizania

Jirani, nusu ya ulichosema naikubali kabisa. Maoni juu ya tabia za watu hayarithishwi. Ila madeni yanarithiwa, upende usipende, na deni si fedha peke yake. Nimeshika wateja wa usafirishaji miaka 14, sasa nawasimamia wanaowashika. Sijaona mteja aliyeondoka kwa sababu mtu mpya hakujua mwaka walioanza kazi. Nimeona walioondoka kwa sababu mtu mpya alivunja ahadi ambayo hakujua kuwa ipo.

Gati, tuachie kwanza zile kurasa. Nijibu manne haya hapa hapa, kwa lugha ya kawaida, kama unamsimulia mtu barazani. Kitu gani ulimwahidi kwa mdomo ambacho hakipo kwenye mkataba wala kwenye faili? Kitu gani unamfanyia bila kumtoza, mpaka amekizoea? Kati yenu kuna fedha gani haijakaa sawa? Na nani pale dukani husema "mzigo huu wapeni wale"?

Gati_Namba_Sita

Dada, nashukuru. Ngoja nijaribu.

Ahadi. Mwaka jana kontena zake 2 zilikwama. Muuzaji kule Uchina alipakia bila cheti cha ukaguzi wa ubora wa kabla ya kusafirisha, kwa hiyo TBS wakataka wakague mzigo huku huku. Siku zikaenda na gharama ya kuhifadhi bandarini ikafika 2,800,000. Mzee akasema sisi ndio tulipaswa kumkumbusha. Mimi nilikuwa na ujumbe niliomkumbushia, ila niliutuma siku meli ilipokwisha ondoka, kwa hiyo na yeye hakukosea sana. Tukagawana nusu kwa nusu, 1,400,000 kila upande. Nusu yetu sikumrudishia taslimu, nilimkatia kwenye ada ya ankara tatu zilizofuata. Siku ile namaliza kikombe cha kahawa pale dukani nikamwambia, "Mzee wangu, mzigo mwingine ukikwama kwa ajili ya karatasi, siku 2 za kwanza za hifadhi nabeba mimi." Hiyo bosi haijui.

Fedha ni mbili. Kwanza kodi ya zuio. Mhasibu wao hukata 5% kwenye ankara nzima wakati sehemu kubwa ni fedha tulizomlipia bandarini na kwa wakala wa meli. Tumebishana karibu mwaka. Pili, dhamana za makontena 3 bado ziko kwa wakala wa meli. Makontena matupu yalikwisha rudishwa ila fedha hazijadaiwa.

Kumfanyia bila kumtoza, sioni. Kila kitu tunatoza.

Anayeamua ni Mzee mwenyewe, mwenye duka.

Bi_Mizania

Hapo umenipa kazi nzuri. Tuanze na zile ankara tatu. Kwenye faili zimeandikwaje?

Gati_Namba_Sita

Zimeandikwa "punguzo".

Bi_Mizania

Basi faili lako linasema uongo, nawe ndiye utakayekuwa Tunduma. Binti akilifungua ataona mteja huyu alipewa punguzo mara tatu, kisha likakatika. Mzee akimwambia, "Mlikuwa mnanipunguzia," atadhani ni bei ya urafiki iliyosahaulika na atairudisha. Au ataikataa, naye Mzee aone amekataliwa haki yake. Sentensi moja tu inamaliza hilo: yale makato yalikuwa nusu yetu ya gharama ya hifadhi, 1,400,000, na yalikwisha.

Hiyo ya siku 2 usiiandike kwenye makabidhiano kabla bosi hajaijua. Ukiiandika kimya kimya unampa binti ahadi isiyo na mwenyewe. Mzigo ukikwama ataomba fedha, ataulizwa nani aliruhusu, atasema "niliambiwa na fulani". Nenda kwa bosi sasa, angali nawe hapo. Ama aikubali kwa maandishi ikiwa na mpaka wake, ama aikatae na wewe mwenyewe ukamwambie Mzee. Hakuna njia ya tatu.

Mama_Hesabu

Nimeingia kwa sababu ya huyo mhasibu. Mimi ni mhasibu upande wa wateja, si duka hilo, lakini ningekaa kiti chake ningekata vile vile. Gati, tuonyeshe ankara moja ilivyokaa.

Gati_Namba_Sita

Mfano wa kontena moja la karibuni: gharama za bandari na wakala wa meli tulizomlipia 6,200,000, ada yetu 900,000, VAT ya ada 162,000. Jumla 7,262,000. Mhasibu alichukua 7,100,000, yaani kabla ya VAT, akakata 5%, ikawa 355,000. Ilitakiwa akate kwenye ile 900,000 tu, yaani 45,000. Tofauti ni 310,000 kwa ankara moja. Zinazofanana na hiyo ziko 4, kwa hiyo tunadai 1,240,000.

Mama_Hesabu

Hesabu iko sawa. Swali langu ni je, karatasi yenyewe imetenganisha hivyo, au ni mstari mmoja umeandikwa "huduma za kutoa mzigo"? Na zile 6,200,000 mnaambatisha stakabadhi zake, au mnasema zipo ofisini?

Gati_Namba_Sita

Mstari mmoja. Stakabadhi anapewa akiziomba.

Mama_Hesabu

Ndiyo hapo. Akiacha kukata na mkaguzi wa TRA akaja, anayedaiwa ile kodi ni duka lake, si ninyi. Kwake yeye mstari mmoja ni huduma moja. Mmembishia mwaka mzima kwa maneno wakati alikuwa anasubiri karatasi. Pelekeni ankara yenye sehemu mbili, mlichomlipia na ada yenu, stakabadhi zimebanwa nyuma, muone kama atakata tena. Hizo 4 za nyuma ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu alichokata amekwisha kipeleka TRA na bila shaka amewapa vyeti vya kukatwa. Vitafuteni hivyo vyeti kwanza. Hiyo fedha haijapotea, itahesabiwa kwenye kodi yenu ya mapato ya mwaka. Ila si fedha ya kulipia mishahara mwezi huu.

Gati_Namba_Sita

Mama, kwenye zile kurasa 11 nimeandika "mhasibu wao ni mkorofi, usimpe nafasi". Naona aibu.

Mtoza_Marejesho

Mimi nilikuwa benki, kitengo cha wateja wakubwa. Kule walikuwa wanatuhamisha mara kwa mara makusudi, tusizoeane na mteja kupita kiasi. Nikahamishwa, mteja wangu mmoja akahamisha fedha zake tawi nililokwenda. Meneja niliyemwacha akasema nimemvuta! Bonasi yangu ya mwaka ikaondoka hivyo hivyo, na barua ya onyo juu. Kwa hiyo Gati angalia sana, usije ukaambiwa umemvuta Mzee Tunduma.

Dogo_wa_Ilala

Mzee wa vigae ahamie Tunduma kufuata nini, mkuu?

Mtoza_Marejesho

Nasimulia yaliyonikuta. Walinionea.

Bi_Mizania

Mtoza, pole. Lakini huyo mteja aliyekufuata anaonyesha kitu: alikabidhiwa kwa barua, si kwa kazi. Tutafika huko.

Gati, majibu yako mawili ya mwisho siyaamini. "Kila kitu tunatoza" na "anayeamua ni Mzee." Nieleze mzigo mmoja tangu unapoanza. Nani anakutumia nini, saa ngapi, nawe unafanya nini?

Gati_Namba_Sita

Haya. Kijana mkubwa wa Mzee ndiye anayekwenda Foshan kununua vigae, anakaa huko wiki kadhaa. Wakala wa meli wa kule akitoa rasimu ya hati ya shehena, kijana ananitumia kwa WhatsApp. Kule ni saa mbili asubuhi, huku ni saa tisa usiku. Naiangalia nikiamka alfajiri: jina la kampuni limeandikwa kama lilivyo kwenye usajili, namba ya mlipakodi, idadi ya maboksi, uzito ulingane na orodha ya mzigo. Vigae ni vizito, kontena la futi 20 linafika tani 27 halijajaa, kwa hiyo uzito ukiandikwa vibaya unakuja kuumbuka kwenye mzani. Nikiona kosa namwambia, wanasahihisha kabla hati haijatolewa rasmi. Ikishatolewa, kusahihisha ni gharama na siku.

Halafu kijana anasema, "Sawa, wapakie." Au siku nyingine anasema kontena hizi 2 nampa wakala mwingine, ili...

Duh.

Bi_Mizania

Umeona mwenyewe.

Gati_Namba_Sita

Nimeona. Miaka 6 nasoma rasimu alfajiri, sijawahi kuitoza wala kuiandika popote. Na anayegawa kontena ni kijana. Mzee anasaini tu.

Bi_Mizania

Huo ndio uhusiano wenu, uko pale saa kumi na moja alfajiri. Bei yenu na ya wakala wa jengo la pili haziachani sana, naamini. Wanabaki kwenu kwa sababu hati zao hazifiki na makosa. Kwenye kurasa 11 imo?

Gati_Namba_Sita

Haimo hata mstari mmoja.

Jirani_wa_Kilindini

Hapa nanyoosha mkono, dada umenishika. Mimi pia nasomea mteja wangu rasimu na sijawahi kufikiria kuwa ni kitu cha kukabidhi. Lakini bado nasema, hizo habari za nani mkali nani mpole zisiandikwe.

Wakili_wa_Mtaani

Jirani ana haki na kuna sababu ya kisheria pia. Kwa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Mtu ana haki ya kuomba kuona mlichoandika juu yake. "Mhasibu ni mkorofi" ni taarifa ya mtu mwenye jina. Hata bila sheria, faili hutumwa mahali kwa bahati mbaya. Andika kila mstari kama vile Mzee mwenyewe anausoma juu ya bega lako.

Bi_Mizania

Nakubaliana na wakili, nikiongeza kitu kimoja. Kuna jambo unaweza kumwambia binti kwa mdomo na lisiandikwe, mfano kwamba Mzee hapendi kupigiwa baada ya swala ya magharibi. Ila likiwa ni jambo la fedha au ahadi, mdomo hautoshi.

Gati_Namba_Sita

Wakuu, nimerudi baada ya siku 4. Kurasa 11 zimekuwa moja na robo. Nabandika sehemu, majina nimeyatoa.

> *Wanachokitegemea kwetu.* Rasimu ya hati ya shehena hutumwa na kijana wa mwenye duka akiwa Foshan, usiku wa huku. Tumezoea kumjibu kabla ya saa moja asubuhi. Makosa yanayojirudia: namba ya mlipakodi kukosa tarakimu, uzito kutolingana na orodha ya mzigo. Cheti cha ukaguzi wa ubora kiulizwe siku hiyo hiyo ya rasimu, si baadaye.
>
> *Nani anaamua.* Mgao wa kontena ni wa kijana. Malipo yanaidhinishwa na mwenye duka, yakishapita kwa mhasibu.
>
> *Jambo lililotuumiza.* Mwaka jana kontena 2 zilichelewa kwa kukosa cheti. Wao wanasema: "Hamkutukumbusha." Sisi tulikumbusha meli ikiwa imeondoka. Gharama 2,800,000 iligawanywa nusu. Neno "punguzo" kwenye ankara tatu ni hiyo nusu yetu, na imekwisha.
>
> *Fedha iliyo wazi.* Kodi ya zuio iliyokatwa zaidi, ankara 4, jumla 1,240,000. Chanzo ni ankara yetu kuwa ya mstari mmoja. Kuanzia mzigo ujao inatoka na sehemu mbili, stakabadhi zimeambatishwa. Dhamana za makontena 3: risiti za kurudisha makontena matupu ziko kwenye faili la bluu, maombi ya kurudishiwa hayajapelekwa.

Ahadi ya siku 2 bado iko kwa bosi.

Imeili ya utambulisho nimeandika hivi: "Mzee, shikamoo. Napenda kukujulisha kwamba kuanzia tarehe 1 nitahamia Tunduma na nafasi yangu itachukuliwa na mwenzangu ambaye ana uzoefu mkubwa na ari ya kazi. Naomba umpe ushirikiano kama ulionipa mimi."

Mama_Hesabu

Maelezo ya makabidhiano safi. Hapo kwenye "Wao wanasema" umefanya vizuri kuweka maneno yao yenyewe. Binti akisikia "hamkutukumbusha" hatashtuka.

Bi_Mizania

Hiyo imeili inafaa mtu anayestaafu. "Uzoefu mkubwa" Mzee ataupima kwa swali moja na utaanguka, maana kwa wateja hana uzoefu, umesema mwenyewe. Sema alilolifanya. Yeye si ndiye alikuwa anaandaa nyaraka za mizigo ya Mzee huko ndani?

Gati_Namba_Sita

Ndiye. Miaka 2 nyaraka zote za Mzee zimepita mikononi mwake, Mzee hamjui tu.

Bi_Mizania

Basi ni hilo la kusema. Na usianze na imeili. Kwanza mwache afanye kazi moja ambayo kijana wa Foshan ataiona, kisha mpigie Mzee, kisha muende dukani, imeili iwe ya mwisho kama kumbukumbu. Mteja hapewi habari kwa maandishi kwamba mtu wake anaondoka. Anasikia kutoka kinywani mwako.

Mkifika dukani, kubalianeni kabla nani anajibu nini. Mzee atauliza, macho yatakuwa kwako. Ukijibu mara tatu mfululizo umemzika binti mbele ya mteja.

Gati_Namba_Sita

Nimewaelewa. Narudi.

Dogo_wa_Ilala

Uzi huu usifutwe jamani. Mimi nauza maji ya jumla lakini nimejiona humu.

Gati_Namba_Sita

Wiki ya pili, mrejesho.

Rasimu iliingia Jumanne usiku kama kawaida. Nilikuwa nimeshamwambia kijana kwamba atajibiwa kwa namba nyingine. Binti aliijibu saa kumi na mbili kasoro alfajiri. Alikuta uzito kwenye rasimu umezidi ule wa orodha ya mzigo kwa kilo 1,000 kamili, tarakimu moja ilikosewa. Akaizungushia duara, akaituma pamoja na ukurasa wa orodha, akaandika: "Kaka, shikamoo. Mimi ndiye ninayeandaa nyaraka zenu ofisini. Hapa uzito haulingani, naomba mrekebishe kabla hawajatoa hati. Cheti cha ukaguzi wa ubora kimeshatoka?" Kijana akamjibu: "Marahaba. Wanarekebisha. Cheti kesho." Basi. Hakuuliza yeye ni nani wala mimi niko wapi.

Alhamisi tukaenda Kariakoo. Mzee nilimpigia siku moja kabla, nikamweleza. Alinyamaza kidogo akasema, "Tunduma kuna baridi, beba sweta." Dukani tulikaa kwenye maboksi ya vigae, kahawa ikaja. Binti akamwamkia, Mzee akaitikia, halafu akanigeukia mimi: "Huyu anajua kazi?" Nikakumbuka maneno ya dada hapa, nikafunga mdomo. Kimya kilikuwa kirefu, nadhani niliungua ulimi kwa kahawa nikitafuta cha kufanya.

Mzee ikabidi amuulize mwenyewe: "Binti, kontena langu la mwisho lilikaa siku ngapi bandarini?"

"Siku 9, Mzee, tangu lishuke. Mbili kati ya hizo zilikuwa zetu, tulichelewa kuwasilisha."

Mzee alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimemwambia siku 7. Sikudanganya, nilihesabu tangu hati kuwasilishwa. Lakini binti hakujua nilihesabu vipi, na mimi sikuandika. Mzee akacheka, akasema, "Huyu hajajifunza kunificha bado," akamwongezea kahawa.

Mhasibu alishuka kutoka juu. Binti akampa ankara mpya ya sehemu mbili, stakabadhi nyuma. Mama yule aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akasema, "Hii ndiyo nilikuwa naiomba." Sikumbuki kama aliwahi kuiomba. Labda aliomba sikusikia.

Mama_Hesabu

Aliomba.

Jirani_wa_Kilindini

Hizo siku 9 na 7 zimenichekesha na kunitia hofu. Hata mimi huhesabu ninavyopenda. Sasa akikupigia simu wewe utafanyaje? Maana atapiga tu.

Gati_Namba_Sita

Ameshapiga, Jumamosi saa tatu usiku. Lori limefika ghalani, dereva anasema kuna boksi zimevunjika. Naujua utaratibu wote, ningemaliza kwa dakika mbili. Nilimwambia, "Mzee, nimekupata, sasa hivi binti atakupigia." Nikampigia binti, akampigia. Walipiga picha muhuri wa kontena na zile boksi kabla ya kuendelea kushusha. Dakika 15 zote. Ila nakiri nilikaa na simu mkononi mpaka aliponitumia ujumbe kwamba wamemaliza.

Jirani_wa_Kilindini

Mimi ningemsaidia mzee wa watu kwanza, utaratibu baadaye. Saa tatu usiku mtu ana lori mlangoni unampa namba nyingine? Kwetu huo ni ukavu.

Bi_Mizania

Hakumpa namba, alimwambia atapigiwa, na akapigiwa. Hiyo ni tofauti kubwa. Angemtatulia, Jumamosi nyingine angempigia akiwa Tunduma.

Jirani_wa_Kilindini

Na akimpigia Tunduma kuna ubaya gani? Miaka 6 si mchezo.

Bi_Mizania

Akimpigia kumjulia hali, hakuna. Wewe na mimi hapa hatutakubaliana, tuache.

Wakili_wa_Mtaani

Gati, ile ahadi ya siku 2 imefikia wapi?

Gati_Namba_Sita

Bosi kakasirika, kisha kakubali siku 1, si 2, na kwa mizigo ambayo kosa la karatasi ni letu tu. Kaiandika na kusaini, nimempa binti nakala. Imebaki Mzee kuambiwa kwamba neno langu limepungua nusu. Ijumaa nakwenda Kariakoo.

Mama_Hesabu

Unakwenda naye binti?

Gati_Namba_Sita

Peke yangu. Niliahidi mimi, peke yangu, kwa kahawa yake.

Bi_Mizania

Mimi ningekwenda naye. Asikie Mzee alivyoipokea, asije kuletewa habari ya pili.

Jirani_wa_Kilindini

Peke yako. Leo nasimama na Gati.

Gati_Namba_Sita

Naona nimpitie asubuhi, anisubiri nje kwenye duka la jirani. Nikimaliza kumwambia, nitamwita aingie.